Klaudia na Taa ya Friji

Wanawake wa Kashozi walimwita Klaudia "Mama Chemsha", na yeye hakulichukia jina hilo. Alilipata mwaka wa sabini na tatu, wakati wa masomo ya Mtu ni Afya, walipokuwa wakikusanyika darasani kusikiliza redio, kisha mwalimu akawasomea kitabu. Klaudia alikuwa ameishia darasa la nne kwa masista, akaolewa, akazaa watoto sita, na kwa miaka ishirini hakushika kitabu kingine isipokuwa cha sala. Masomo yale hakuyakosa hata siku moja. Wenzake walitoka na mambo mengi: vyoo, mbu, minyoo, madirisha. Yeye alitoka na neno moja tu, chemsha.

Kweli alichemsha. Alichemsha maji ya kunywa, kama walivyofundishwa, na hapo hakuna wa kumcheka. Lakini alichemsha pia vijiko, vitambaa vya kufutia kamasi, na mswaki wa mgeni aliyelala kwake usiku mmoja. Aliwahi kuchemsha brashi ya kunyolea ya mumewe, nywele zikabaki sufuriani na mpini ukabaki mkononi. Alipoulizwa alijibu kwamba moto hauachi kitu. Kwa brashi, angalau, alikuwa amesema kweli.

Alikuwa mtu wa hofu tangu utoto. Usiku, kabla ya kulala, alizunguka nyumba akihesabu: watoto wamo, mlango umefungwa, majivu ya jikoni yamemwagiwa maji. Hilo la majivu lilikuwa na sababu. Nyumba ya msonge ya baba yake iliwahi kuungua yeye akiwa mdogo, na hata baada ya kuhamia nyumba ya bati bado aliamini kwamba moto ukiachwa peke yake huanza kutafuta kazi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo analetewa friji ya mafuta ya taa.

Aliyeileta ni mumewe, Ishengoma, karani wa ushirika wa kahawa. Aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Bukoba mjini aliyekuwa akifunga duka na kuhama. Wanaume wanne waliishusha kwenye lori, wakaisimamisha sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Ilikuwa nyeupe, na ilikuwa na mlango mzito unaofunga kwa kishindo kama mlango wa benki. Chini kabisa palikuwa na tangi la mafuta lenye utambi na bomba la kioo. Ishengoma aliwasha, akawaeleza majirani kwamba mwali ule mdogo wa chini ndio unaotengeneza baridi ya juu. Majirani waliguna kwa heshima. Klaudia hakuguna. Yeye aliona jambo moja tu: moto ndani ya nyumba, karibu na pazia, usiku kucha, watu wamelala.

Alifuma kitambaa cha kuifunika, akatundika ufunguo wa mlango wake shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Na kila usiku, Ishengoma akishaanza kukoroma, alipiga magoti mbele ya friji, akashusha utambi na kupuliza. Alfajiri, kabla mume hajaamka, aliuwasha tena. Alifanya hivyo miaka miwili. Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuona kama ni jambo. Nani huwasha taa akalala?

Kwa miaka hiyo miwili Ishengoma alilalamika kwamba bia yake haipati baridi ya kueleweka. Alimleta fundi mara mbili. Fundi alikuja mchana, akakuta mwali wa buluu mzuri, akagonga gonga, akanywa chai, akasema friji haina neno, labda ni hali ya hewa. Ishengoma alimlaani mfanyabiashara aliyemuuzia. Klaudia aliitikia kwamba watu siku hizi si waaminifu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka wa sabini na sita, watu wa Muleba walipotuma habari kwamba wanakuja kumposa Joviana.

Joviana alikuwa binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi kule Buhembe. Mchumba wake alikuwa mwalimu pia, na baba wa mchumba, Mzee Rutashobya, alijulikana Muleba nzima kwa mambo mawili: shamba lake la kahawa na ugumu wa kumridhisha. Wageni watakuwa watatu: Rutashobya mwenyewe, dada yake Kokuberwa, na mshenga wao Buberwa. Watafika Ijumaa jioni.

Ebitoke, yaani ndizi za kupika, na samaki ni chakula. Kila nyumba inavyo. Mgeni wa posa hupewa wali. Na wali wakati ule haukuwa kitu cha kwenda tu dukani na kurudi nao. Klaudia alipanga foleni asubuhi mbili kwenye duka la kijiji, akapata kilo nne, akazilinda kama mtu anayelinda kuku wa Pasaka. Ijumaa saa kumi alizipika zote kwenye sufuria moja kubwa. Aliyemsaidia ni Ephrasia, jirani yake wa upande wa bondeni, mjane aliyefiwa na waume wawili. Kwa sababu ya hao wawili watu wengine walikuwa wakinong'ona, lakini Klaudia hakuwahi kuona mkono unaopakua chakula vizuri kama wa Ephrasia, na shughuli yoyote nyumbani kwake ilianza na kuisha na mkono huo.

Jua lilizama, wageni hawakuonekana. Baadaye ilijulikana kwamba basi lao lilikwama kwenye matope, wakalala kwa ndugu huko Kemondo. Lakini jioni ile hakuna aliyejua, na sufuria ilikuwa pale, imejaa wali mweupe hadi ukingoni, na watoto wanautazama.

Ishengoma alisema wali wapewe watoto, wageni watapikiwa kingine. Klaudia alimtazama kama mtu aliyependekeza kuuza kanisa. Wali hautaliwa. Wali utawekwa. Kwani friji ilinunuliwa ya nini?

Akauweka, na hapa ndipo alipotumia akili yake yote. Mama yake alikuwa akibakisha ebitoke kwenye chungu, anavifunika kwa majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, na asubuhi bado vina uvuguvugu. Basi Klaudia naye alibabua majani matatu, akaufunika wali ukiwa bado unatoa mvuke, akafunga kifuniko, akaizungushia sufuria kanga mbili ili joto lisipotee. Kisha, kwa msaada wa Joviana, akaisukuma yote kama ilivyo ndani ya friji na kufunga mlango. Jani liulinde, kanga iupe joto, friji iutunze. Alijiona ameuwekea wali walinzi watatu.

Alipokwenda kulala alipiga magoti kama kawaida, akapuliza taa.

Asubuhi alipofungua mlango alitia mkono chini ya kanga, akafurahi. Wali ulikuwa na joto bado, joto zuri, kama tumbo la kuku anayeatamia. Aliunusa, haukuwa na harufu mbaya. Aliuonja, haukuwa umechacha. Alijisifu moyoni kwamba wali haujapoa hata kidogo.

Wageni walifika saa nne, wamechoka, viatu vimejaa tope. Walikaribishwa, wakapewa kahawa ya kutafuna. Jikoni, Klaudia aliwasha moto mkubwa. Alikaanga vitunguu kwa samli, akamimina wali, akatia maji kidogo, akafunika mpaka mvuke ukatoka kwa kelele. Alichemsha mara ya pili kwa usalama. Akaonja, akaonja tena, akaonja mara ya tatu kwa sababu ulikuwa mtamu. Ephrasia alimuuliza kwa sauti ya chini kama atawaambia wageni kwamba ni wa jana. Klaudia alimjibu kwamba hakuna haja, maana kumpa mkwe kiporo ni kumwambia hana maana, na tena wali umechemka upya, umekuwa wa leo.

Ephrasia akapakua. Joviana, baba yake na wadogo zake hawakula wali ule. Binti anayeposwa hali pamoja na wakwe, watoto husubiri masalio, na Ishengoma aliwaachia wageni kwa heshima. Rutashobya alikula ebitoke na samaki tu, akasema wali ni chakula cha ndege. Kokuberwa na mshenga Buberwa hawakuwa na maoni hayo. Waliongeza mara mbili.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka kwenye saa nane. Hapo mshenga Buberwa, aliyekuwa katikati ya sentensi ndefu juu ya heshima ya koo mbili, alinyamaza, akasimama, akatoka mbio. Sauti aliyoitoa nje ilisikika sebuleni. Kabla hajarudi, Kokuberwa naye alijifunga kanga mdomoni na kumfuata.

Klaudia alikimbilia jikoni kuchemsha maji, kwa sababu hakujua kufanya kingine. Na pale jikoni, akiwa ameshika kuni, alisikia tumbo lake mwenyewe likigeuka. Kule kuonja mara tatu kulikuwa kumehesabiwa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akashika mgomba, akatapika kimya kimya kama mwizi, akajifuta kwa jani, akarudi na uso wa mwenyeji.

Wagonjwa walilazwa kwenye mikeka. Kokuberwa alifumba macho, akasema neno moja, taratibu, lakini kila mtu alilisikia.

"Tumelishwa."

Katika nchi ile neno hilo halina maana mbili: ni kutiliwa sumu kwa makusudi. Ishengoma alimtuma Joviana kwa baiskeli akamwite Gamaliel, mganga wa zahanati. Wakati wakisubiri, Rutashobya aliuliza, kwa upole uliotisha kuliko kelele, ni nani aliyepakua. Macho ya watu yana tabia ya kujibu yenyewe. Yalikwenda kwa Ephrasia, aliyekuwa mlangoni ameshika sinia.

Miaka mingi baadaye Klaudia, anaposimulia, hafichi kilichompita kichwani wakati ule. Kwa muda wa kama kusema Salamu Maria tatu, yeye naye alimtazama Ephrasia, akawaza wale waume wawili. Tumbo lake mwenyewe linamsokota kwa wali aliouonja kabla Ephrasia hajaupakua, na bado aliwaza. "Ndivyo nilivyokuwa na akili," husema.

Gamaliel alikuja na mkoba wake. Alikuwa kijana wa Kilutheri, mpole, mwenye kuuliza sana. Aliwapima wagonjwa, hakuona homa, akaagiza wapewe maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, wanywe kidogo kidogo. Kisha akaanza kuuliza nani amekula nini. Ebitoke walikula wote, na Mzee Rutashobya ni mzima. Samaki hivyo hivyo. Wali wamekula wawili, na wawili ndio hao mikekani.

"Wali ulipikwa lini, mama?"

"Leo asubuhi," Klaudia alisema. Lilitoka haraka, kama mate. Ishengoma, aliyejua ni wa jana, alitazama viatu vyake.

Gamaliel alikuna kidevu. Alisema kama ni wa leo, umeliwa ukiwa moto, basi haelewi.

Rutashobya alisimama, akiegemea fimbo. "Bwana Mganga, umetusaidia. Kama kosa si la chakula, basi ni la mkono. Nitarudi Muleba na watu wangu, na jina la mkono huo nitakwenda nalo."

Ephrasia aliinama, akaweka sinia chini polepole, kama mtu anayeacha kazi, akaanza kufungua kanga aliyojifunga kiunoni kwa ajili ya shughuli. Klaudia aliitazama ile mikono ikifungua fundo. Aliona jinsi habari itakavyotangulia kisimani, kanisani, dukani. Binti anaweza kuposwa mahali pengine. Mjane wa mara mbili aliyeitwa mlishaji hapati mahali pengine.

"Ni kiporo," alisema Klaudia.

Watu wakageuka.

"Wali ni wa jana. Nimeupika jana saa kumi, mimi. Asubuhi nimeuchemsha, nimeupa samli, nimewapa wakwe zangu kiporo. Ephrasia aliniuliza kama nitasema, nikamkataza. Na mimi nimetapika pia, wali uko pale nyuma ya mgomba, nendeni mkaangalie."

Hakuna aliyekwenda kuangalia. Ishengoma aliinamisha kichwa kwa aibu. Rutashobya alikaa tena. Gamaliel peke yake ndiye aliyeonekana kupata nafuu, akauliza wali ulilala wapi.

Hapo Klaudia alijikusanya. Kiporo ndiyo, lakini hakikulala ovyo. Alisema kililala kwenye friji, akaeleza majani, kanga mbili na mlango mzito. Hata asubuhi, alisema, kilikuwa bado na joto.

Gamaliel alirudia neno hilo, joto, akainuka. Aliomba ufunguo, akafungua friji, akaingiza mkono ndani. Akachuchumaa, akatazama chini, akanusa. Katika pilikapilika za wageni, asubuhi ile Klaudia alikuwa amesahau kuwasha.

"Mama, hii taa imezimika tangu lini?"

Ishengoma aliruka kutoka kitini, akasema haiwezekani, yeye mwenyewe hujaza mafuta, na jana usiku ilikuwa inawaka kabla hajalala. Klaudia alitazama picha ya Moyo Mtakatifu, hakupata msaada.

"Huwa naizima," alisema.

"Lini?" Ishengoma aliuliza.

"Ukilala."

"Lini ukilala?"

"Kila siku, Baba Joviana. Moto hauachwi peke yake."

Ishengoma alirudi kitini. Ilionekana wazi kwamba ndani ya kichwa chake zilikuwa zikipita bia zote za miaka miwili, moja baada ya nyingine, pamoja na fundi na chai yake.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha Mzee Rutashobya. Kwanza walidhani naye anaugua. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Basi mkwe wangu huyu," alisema akifuta macho, "amekaribia kutuua kwa kutuogopea."

Gamaliel aliwaeleza, akisema alivyofundishwa chuoni, kwani vijidudu vyenyewe hakuwahi kuviona. Wali ukipikwa, vijidudu vingi hufa. Lakini viko vinavyojifunga kama mbegu ya maharage makavu, na mbegu hizo moto wa jikoni hauzimalizi. Wali ukiliwa moto, mbegu hazina muda. Ukipoa haraka na kukaa kwenye baridi, zinabaki zimelala. Ukikaa vuguvugu usiku mzima, zinaota, na zikiota zinatoa sumu ambayo haina harufu wala ladha.

"Lakini nilichemsha," Klaudia alisema. Ilikuwa kama mtu anayemtetea mtoto wake. "Mara mbili."

"Ulichemsha, mama. Umemuua nyoka, lakini sumu ilikwisha kuingia mguuni. Kuchemsha kunaua kidudu. Sumu aliyoiacha haiondoki."

Akasema pia kwamba friji haina kosa, ila hata ingekuwa inawaka, sufuria kubwa ya wali wa moto, tena iliyovalishwa kanga, ingebaki na joto katikati hadi usiku wa manane na kupasha vyote vilivyomo. Wali wa kubakiza unatandazwa mwembamba kwenye sinia upoe upesi, na kabla saa mbili hazijaisha tangu uipuliwe uwe ndani ya friji yenye baridi ya kweli. Kesho yake unapashwa mara moja tu mpaka utoe mvuke, unaliwa, na unaobaki hapo haurudi tena. Uliolala mezani ni wa kutupa shimoni, hata kama umeupangia foleni.

Klaudia alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza redio. Kila sentensi ilikuwa ikimtaja yeye.

Kokuberwa, aliyekuwa amelala kimya muda wote, alifumbua macho. Alikuwa ndiye aliyelitamka lile neno, na kila mtu alikumbuka. Akajiinua kwa kiwiko.

"Ephrasia, waitu," alisema, akitumia neno la heshima la kwao. "Niletee yale maji. Ninywe kwa mkono wako."

Ephrasia alisimama kidogo, kanga mkononi. Kisha akaifunga tena kiunoni, akamimina maji kwenye kikombe, akapiga magoti na kumnywesha. Kokuberwa alikunywa chote mbele ya kaka yake, akarudisha kikombe, akaomba kingine.

Jioni wagonjwa walikaa. Kesho yake walikula uji, na Jumatatu waliondoka. Rutashobya hakuvunja posa. Alisema kwamba nyumba ambayo mama anakubali kujiaibisha mbele ya wakwe ili jirani asiumie ni nyumba ya kuoa. Kisha akaongeza kwamba siku ya harusi yeye atakula ebitoke tu, kama kawaida yake, na wenye kupenda chakula cha ndege wajitegemee.

Harusi ilifungwa Januari. Wali ulipikwa asubuhi ile ile, ukapakuliwa na Ephrasia ukitoka motoni, na uliobaki Klaudia aliutandaza kwenye masinia kama mtu anayeanika kahawa. Watu wa Muleba walipokuja kumuaga, mmoja baada ya mwingine walimuuliza kwa adabu kubwa kama taa inawaka. Mpaka leo huko Muleba yeye si Mama Chemsha. Ni Mama Taa.

Na taa inawaka. Bia ya Ishengoma hupata baridi mpaka inamuuma meno, na sasa analalamikia hilo. Hofu ya Klaudia haikuisha, imehama upande tu. Zamani aliamka kuhakikisha taa imezima. Siku hizi huamka mara mbili kuhakikisha inawaka, na kwa kuwa inawaka, hukaa kidogo pale chini akiilinda isiunguze nyumba, ndoo ya maji pembeni. Maji hayo, Ishengoma huwaambia wageni, ameyachemsha.